Noti ya sauti ya bosi, ujumbe kwa mteja

"Bosi kaniachia noti ya sauti: 'Mwambie yule mama hajaidhinisha malipo ya ushuru, sijui hata kaona, Ijumaa kontena linaanza kula storeji, afanye haraka bwana.' Nimwandikieje?"

Ndugu, kabla hujaandika tafuta kiasi na kumbukumbu namba, bosi hakuvitaja. Bila hivyo mama atakupigia kuuliza, na siku imeshakwenda. Muulize bosi pia: Ijumaa ndiyo siku ya mwisho ya bure, au ndiyo siku tozo ya storeji inaanza? Hapo kuna siku nzima ya kulipia. Tuseme tozo inaanza Ijumaa, na kiasi ulichopata ni Sh 8,450,000:

"Habari za asubuhi, Mama. Ushuru wa kontena lako ni Sh 8,450,000; ankara yenye kumbukumbu namba nimeiambatisha. Tunasubiri idhini yako ili tulipe. Tunaiomba kabla ya Jumanne saa 10 jioni, kwani tozo ya kuhifadhi inaanza Ijumaa."

"Hajaidhinisha" imegeuka "tunasubiri idhini yako", lawama imetoka. Jumanne inaacha nafasi ya malipo kusoma kwenye mfumo. Ila usimwahidi siku ya kutoa kontena. Hiyo haiko mikononi mwako.