Ripoti inasema sentimita 1.4, bikoni imesogea sentimita 30

*Swali: "Nimepima shamba kwa droni nikaweka pointi tano za udhibiti ardhini. Ripoti ya programu inaonyesha kosa la sentimita 1.4, lakini bikoni ya mpaka ya kona moja imesogea karibu sentimita 30 kwenye ramani. Nimekosea wapi?"*

Namba hiyo ya sentimita 1.4 haikudanganyi, ila inapima kitu kingine. Programu ilipewa pointi zako tano, yaani alama ulizopima mahali pake ardhini, ikalazimika kuzifuata wakati inakokotoa mahali kamera ilipokuwa na tabia ya lenzi, kisha ikakueleza imezikaribia kwa kiasi gani. Mahali ambapo hukuweka pointi, ripoti hiyo haina la kusema, na nahisi bikoni yako iko huko.

Niliwahi kuletewa kazi ya namna hii niirudie. Shamba lilikuwa na urefu wa mita 400 na upana wa mita 250, likapigwa picha kutoka mita 100 juu, kila pikseli ikifunika takriban sentimita 2.7 za ardhi. Pointi zote za udhibiti zilikuwa zimepangwa kando ya barabara iliyopita upande wa kusini, kwa kuwa ndiko gari lilikofika. Bikoni za jirani na barabara zilitofautiana na vipimo vya ardhini kwa sentimita 6 hivi, na za upande wa kaskazini kwa sentimita 28. Sababu yake inaeleweka: picha zote zikipigwa kamera ikitazama chini wima, programu hushindwa kutenganisha vizuri upindaji wa lenzi na umbo la ardhi, hivyo modeli hujikunja kidogo kama bakuli, na upande usio na pointi ya kuushikilia huenda nao. Kosa la kimo nalo huingia kwenye ramani bapa, kwa sababu kitu kinachoonekana pembeni mwa picha husogezwa kimo chake kikikosewa.

Tuliporudia tuliweka pointi nane: nne nje kidogo ya kona za mpaka, mbili katikati ya pande ndefu, moja penye ardhi ya juu kabisa na nyingine bondeni. Kila kibao cha kuonyesha pointi kilikuwa na upana wa nusu mita, miraba minne myeusi na myeupe isiyong'aa, ili kitovu kionekane bila kubahatisha. Kila kitovu kilipimwa mara mbili kwa kipokezi cha setilaiti, kipimo cha pili kikichukuliwa baada ya saa nzima au zaidi, setilaiti zikiwa zimehama. Tuliongeza pia picha chache za kamera iliyoinamishwa, maana hizo hupunguza sana ule mkunjo.

Jambo lililonishawishi zaidi ni bikoni zenyewe. Tulizipaka rangi nyeupe kabla ya droni kuruka, tukazipima, kisha tukazizuia zisiingie kwenye ukokotoaji, zibaki kuwa pointi za uhakiki. Kwenye programu ya Metashape unaondoa tiki ya alama husika katika kidirisha cha Reference, unaendesha upya Optimize Cameras, na ripoti itazitaja peke yake chini ya Check points. Kosa la pointi za udhibiti lilipanda kutoka sentimita 1.4, kama lako, hadi 2.1, ilhali kosa la bikoni za kaskazini lilishuka hadi sentimita 5. Namba ya kwanza iliharibika na ramani ikatengemaa. Tangu hapo kwenye kazi za mipaka mimi husoma ya pili kwanza.

Kwa hiyo, kabla hujarudi shambani, pima bikoni zako zote na uchore kwa kila moja mshale unaoonyesha imesogea upande gani na kwa kiasi gani. Mishale ikikua kadiri unavyojitenga na pointi za udhibiti, tatizo ni mpangilio wa pointi, na kuongeza nyingine palepale hakutasaidia. Ikiwa mishale yote inaelekea upande mmoja kwa urefu uleule, mpangilio ni mzima. Kagua koordineti za kituo cha msingi ambacho kipokezi chako kilitegemea, au mfumo wa koordineti wa ramani ya zamani ya mpaka, ambao huenda ni tofauti na uliotumia. Ikiwa ni bikoni moja tu na jirani zake zimetulia, huenda jiwe lenyewe limehamishwa, au kivuli na majani vimekufanya ubofye mahali pasipo penyewe.

Bikoni iliyo chini ya mti au iliyobanwa na ukuta usiisome kwenye ramani hata pointi zikipangwa vizuri namna gani, kwa kuwa pale programu hukisia uso wa ardhi kutokana na vilivyo juu yake. Hiyo ipime moja kwa moja ardhini, na kama anga limezibwa na matawi, tumia mashine ya kupimia pembe na umbali ukianzia kwenye pointi mbili zilizo wazi.