Ploti, mikopo na harusi: majibu kwa wachumba wa Kenya

Nina ploti Ruiru niliyonunua kwa mkopo, nimebakisha 800,000. Harusi ni Desemba. Mume wangu atakuwa na haki hapo?

Ploti uliyonunua kabla ya ndoa ni yako, ndivyo inavyosema Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013. Ugomvi huzuka baadaye. Tuseme mumeo ametoa 500,000 mkajenga vyumba vya kupangisha hapo. Kifungu cha 9 kinampa haki kulingana na alichochangia katika kuiboresha. Na mchango si pesa tu: kulea watoto, kazi za nyumbani na kusimamia biashara ya familia vyote vinahesabiwa. Mkihamia hapo, atakuwa na hoja nyingine kwamba ndiyo nyumba ya familia.

Kifungu cha 6 kinawaruhusu kukubaliana mapema. Andikeni kwamba ploti namba fulani ni yako, salio la 800,000 unalipa wewe, na kwamba akijenga atarudishiwa alichotoa au atapata sehemu ya thamani. Chagueni moja. Wengi huandika tu "tutaelewana", na hapo ndipo mawakili wanapopata kazi.

Mchumba wangu ana madeni ya mikopo ya simu na ya chama. Nikiolewa, watanidai mimi?

Deni aliloingia nalo ni lake. Mtakalokopa mkiwa kwenye ndoa kwa manufaa ya familia, kama karo au kodi ya nyumba, mnalibeba pamoja. Mkataba unaweza kueleza deni lipi ni la nani, ila unawafunga ninyi wawili tu. Ukimdhamini kwenye chama kwa saini yako, chama kitakudai, na hutaweza kukionyesha mkataba wa ndoa kikuachilie.

Tukiandika wenyewe na kusaini mbele ya wazee inatosha?

Sheria haikuweka fomu maalumu, lakini mahakama inaweza kuufuta mkataba uliopatikana kwa ulaghai au shuruti, au ulio dhuluma ya wazi. Kwa hiyo ushahidi wa namna mlivyokubaliana una uzito kama maneno yenyewe. Kila mmoja awe na wakili wake. Ambatisheni orodha ya mali na madeni ya kila mmoja, pamoja na nakala za hati miliki na taarifa za mikopo. Aliyeficha shamba amempa mwenzake sababu ya kwenda mahakamani. Sainini miezi kadhaa kabla, kila ukurasa, mbele ya mashahidi. Saini iliyotiwa usiku wa kuamkia harusi, wageni wakiwa wamefika, inanuka shuruti hata kama hakuna aliyelazimishwa. Wazee wawepo, sawa, ila si badala ya wakili.

Tunaweza kuandika kwamba tukiachana hakuna kudaiana matunzo ya watoto?

Hapana. Hiyo ni haki ya mtoto, na Katiba inawapa wazazi wote wawili jukumu hilo, wawe wameoana au la. Kifungu hicho kitoeni kabisa kwenye mkataba wenu.