Mafuta ya krili au ya samaki?

"Hapa Ngamiani kopo la krili ni bei mara mbili ya mafuta ya samaki, yote kapsuli 60. Hizo fosfolipidi zina maana?"

Kwa matumizi ya kawaida hazitoshi kuhalalisha bei hiyo. Ndugu aliyetangulia kusema kwamba krili hufyonzwa vizuri zaidi amepatia nusu: sehemu ya omega-3 ya krili, kiumbe kidogo cha baharini, kweli imeshikana na fosfolipidi, ambayo ni aina ya mafuta, na huenda ikafyonzwa vizuri kidogo, lakini dozi zinapolinganishwa sawasawa tofauti hiyo hupungua sana, na wataalamu bado wanabishana kama ipo.

Geuza kopo, usome jumla ya EPA na DHA, yaani omega-3 zenyewe, badala ya uzito wa mafuta ulioandikwa mbele. Mimi hapa dukani ninayo yote mawili: kapsuli ya krili ya miligramu 500 ina 110 tu, ilhali ya samaki ya miligramu 1000 ina 300. Ili kufikia 300 utameza krili tatu kwa siku, kopo liishe kwa siku 20, huku la samaki likienda siku 60. Kwa bei hiyo ya maradufu unalipa mara sita.

Kilichobaki kwa krili ni kapsuli ndogo, rahisi kumeza, na wengi hawacheui harufu ya samaki. Dada aliyesema kamba humvimbisha midomo asiiguse, kwani krili ni jamaa ya kamba. Anayetumia dawa za kuyeyusha damu amwone daktari kabla ya kununua lolote kati ya hayo.