Vizibo sita, jibu "tatu": ninavyomwangalia mtoto wa awali na kumwandikia mzazi wake

Mwaka wangu wa pili kufundisha darasa la awali niliandika kwenye daftari la mtoto mmoja: "Hayuko makini. Ahimizwe nyumbani." Ilikuwa saa kumi jioni, nina madaftari 48 mezani, na sentensi hiyo hiyo nilikuwa nimeshawaandikia watoto kama saba. Kesho yake yule mtoto alikuja na alama za fimbo miguuni. Baba yake alisoma neno "ahimizwe" akalielewa alivyolielewa. Nilipokaa nikajiuliza ni kitu gani hasa nilichomwona mtoto yule akifanya hata nikaandika vile, sikupata hata kimoja.

Tangu siku hiyo simwandikii mzazi jambo ambalo sikulishuhudia kwa macho yangu, na ikabidi nibadilishe hata rubriki niliyokuwa naitumia. Ile ya zamani ilikuwa na stadi upande wa kushoto na visanduku vinne: vizuri sana, vizuri, wastani, hafifu. Mwalimu mwenzangu na mimi tulimjazia mtoto mmoja siku moja, yeye akampa vizuri sana, mimi wastani, na hakuna kati yetu aliyeweza kumwonyesha mwenzake kosa liko wapi. Neno "wastani" halisemi mtoto amefanya nini.

Nikaanza na stadi moja tu, kuhesabu vitu, na badala ya sifa nikaandika vitendo. Hatua ya kwanza, mtoto anataja namba kwa mfululizo kama wimbo, lakini kidole hakifuati: kinapita juu ya vitu ovyo, au hakigusi kabisa. Hatua ya pili, anagusa vitu, ila anaruka kimoja au anakigusa kimoja mara mbili, hivyo jibu haliendani na vilivyopo. Hatua ya tatu, kila kitu kinapata namba yake moja, lakini ukimuuliza "viko vingapi?" anaanza kuhesabu upya, kwa sababu hajajua kwamba namba ya mwisho aliyoitaja ndiyo jumla. Hatua ya nne, anakujibu jumla moja kwa moja, na ukimwambia "nipe sita" kutoka kwenye rundo anatoa sita na kuacha.

Hilo la "nipe" ndilo linalonisaidia kuliko yote. Wapo watoto wanaokuhesabia mpaka ishirini bila kukosea, wazazi wakajaa furaha, kisha ukiwaambia "nipe vinne" wanakujazia kiganja.

Vifaa vyangu ni sinia moja na vizibo kumi vya soda. Vizibo navipanga kwenye mstari, sivipangi duara, maana kwenye duara mtoto anasahau alipoanzia akazunguka mara ya pili, na hapo utakuwa unapima kumbukumbu yake. Kadi nakata kwenye karatasi ya manila, kila mtoto na yake, na za siku hiyo nazitia mfukoni pamoja na penseli. Nachukua watoto wanne kwa siku, wenzao wakiwa kwenye kona zao wakichora au kucheza duka, na kila mmoja hachukui zaidi ya dakika mbili au tatu. Watoto 48 kwa wanne wanne ni siku 12 za shule, kwa hiyo wiki tatu zinatosha kwa mzunguko mmoja na siku tatu zinabaki kwa waliokuwa wagonjwa au waliosafiri.

Kwenye kadi siandiki hatua kwanza. Naandika tarehe, nilichompa, alichofanya na alichosema, papo hapo, kabla sijamwita mwingine. Nikisema nitaandika nyumbani, nikifika nyumbani wale watoto wanne wamekuwa mmoja. Hatua naijaza baada ya kumwona mtoto angalau mara tatu, siku tofauti, na angalau mara moja akiwa kwenye mchezo wake mwenyewe bila mimi kumwita.

Na uso wangu nimeufunza kukaa kimya. Mtoto wa miaka mitano anasoma uso wa mwalimu haraka kuliko anavyosoma vizibo. Ukimwambia "nipe sita" kisha ukatikisa kichwa kidogo anapofika cha sita, ataacha pale pale, nawe utaandika kwamba anajua. Mimi naangalia kadi yangu. Simuulizi pia "una uhakika?" kwa sababu akisikia hivyo anajua amekosea, hata kama hakukosea.

Sasa nimlete binti mmoja, nitamwita Mwajuma, si jina lake. Mkimya, anaimba namba mpaka ishirini akiwa na wenzake, na kwa macho ya haraka ungesema hajui kuhesabu. Kadi yake ya kwanza inasema: "12/3. Vizibo 6, mstari. Akasema 'tatu'." Nikadhani ameruka. Siku ya pili nikampa vinane, akasema "nne". Hapo nikashtuka, maana aliyeruka ovyo hapati nusu kamili mara mbili.

Nikampa sita tena na safari hii sikusikiliza jibu, nikakitazama kidole. Aliposema "mo" aligusa kizibo cha kwanza, aliposema "ja" akagusa cha pili. "Mbi", cha tatu. "Li", cha nne. Ta, tu, vikaisha. Alikuwa anakipa kizibo kila silabi! Namba zetu kuanzia moja hadi kumi zote zina mapigo mawili mdomoni, hata "nne" ukiitamka sawasawa ni n-ne, na sisi walimu ndio tunaowafundisha kuziimba kwa makofi, kofi kwa kila pigo. Mtoto alikuwa anafanya kwa kidole kile kile tulichomfundisha kwa kiganja. Ukitaka kuhakikisha, mpe vitano: atafika "ta" kizibo kimeisha, na "tu" ataigusa hewani au atarudi kukigusa cha mwisho tena.

Mara ya tatu nilimkuta kwenye kona ya duka, yeye ndiye muuzaji, anauza mawe kama mayai. Mwenzake akamwambia "nipe mawili", akampa mawili. "Nipe matatu", akampa matatu, bila kuhesabu, kwa kuangalia tu. Alipoombwa manne akakusanya yaliyoenea mkononi. Kumbe mpaka tatu alikuwa na uhakika kabisa, na shida ilianza pale jicho peke yake lisipotosha na kidole kinapohitajika. Nikamweka hatua ya pili, ila kilichonisaidia kumfundisha ni ile sentensi ya kidole iliyoko kwenye kadi. Dawa ilikuwa kumpa kikombe cha plastiki: anashika kizibo, anataja namba mpaka neno liishe, ndipo anakitumbukiza. Kizibo kikishaingia kikombeni hakiguswi tena, na mlio wake unamlazimisha asubiri.

Jambo dogo kwa walimu wenzangu: mtoto akikwambia vizibo viko "visita", usimshushe hatua. Amesikia viwili, vitatu, vinne, vitano, akaendelea na kanuni. Yeye atajuaje kwamba sita, saba, tisa na kumi hazipokei kiambishi? Kuhesabu amehesabu.

Mama yake nilimwandikia hivi:

"Mama Mwajuma, habari za kazi. Wiki hii nimehesabu vizibo na Mwajuma mara kadhaa. Akiambiwa 'nipe viwili' au 'nipe vitatu' anatoa sawasawa. Vikizidi hapo, kidole chake kinakwenda mbio kuliko neno: akisema 'moja' anakuwa ameshagusa viwili, kwa hiyo vizibo sita anaviita vitatu. Hapa shuleni anatumbukiza kizibo kimoja kimoja kikombeni huku akitaja namba. Nyumbani, akikusaidia kutoa vijiko au nyanya, mwambie aweke kimoja, ataje, ndipo achukue kingine. Mwisho vitano, visizidi. Akikosea, hesabu naye taratibu, asikaripiwe. Ijumaa ijayo nitakuuliza ulichokiona."

Naanza na anachokiweza, si kwa kumbembeleza mzazi, bali kwa sababu hapo ndipo mama atakapoanzia naye jikoni. Kisha naandika nilichoona kwa namna ambayo mzazi anaweza kukiona mwenyewe akimtazama mwanawe. Kisha kazi moja, yenye vitu vilivyomo ndani ya nyumba. Nikiandika kazi tatu hakuna inayofanyika. Na la kukaripiwa nimelisema wazi, maana fimbo za yule mtoto wa kwanza sijazisahau.

Namba ya hatua siiandiki kwenye barua ya mzazi. Mwaka mmoja niliiandika, baba mmoja akanijia getini kuniuliza: "Mwalimu, hatua ya pili ndiyo nafasi ya ngapi darasani?" Nikaeleza, akaitikia, jioni akamtangazia jirani kwamba mtoto wake amekuwa wa pili. Hatua ni yangu mimi, ya kupangia kazi ya wiki. Mzazi anahitaji kidole na vijiko.

Si kila mzazi anasoma, na si kila daftari linasomwa na aliyekusudiwa. Kuna mtoto analelewa na bibi yake, na madaftari anasomewa na kijana wa jirani. Huyo simwandikii jambo, namsubiri anapokuja kumchukua mjukuu. "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu, kafanya nini tena?" Namwonyesha kwa vizibo vile vile, pale mlangoni, na mara nyingi anaelewa haraka kuliko waliosomewa barua.

Yapo pia nisiyoyaweka kwenye karatasi hata kwa anayesoma. Mtoto ambaye hageuki nikimwita kutoka nyuma wakati wa mchezo, au anayetokwa usaha sikioni, au ambaye wiki zimepita hafuati maelekezo yoyote mpaka aone wenzake wamefanya nini, kadi yake ya kuhesabu hainiambii tatizo ni nini. Rubriki inaonyesha alichofanya, haipimi masikio. Huyo mzazi wake namwita tukae, namsomea nilichoandika pamoja na tarehe zake, na namwomba ampeleke kituo cha afya akapimwe. Jina la ugonjwa silitaji, si kazi yangu.

Ijumaa ile Mama Mwajuma alikuja mwenyewe, amebeba kapu la sokoni. "Mwalimu, juzi nimemtuma vijiko, sisi tuko watano. Kaleta vinne. Nikataka kusema, nikanyamaza kama ulivyoniambia. Kaweka moja, mbili, tatu, nne, kasimama, kamwangalia bibi yake. Akaniambia, 'Mama, cha bibi bado.'"

Nikatoa kadi yake mfukoni nikaandika pale pale, tarehe na maneno ya mama yake yalivyo: cha bibi bado.