Saa nne za juu si saa nne za chini

Swali: Tuko sita kwenye mfereji mmoja wa udongo hapa Korogwe, na kila mtu ana ekari moja. Maji hufunguliwa siku tatu kwa wiki, saa 12 asubuhi hadi saa 8 mchana, watu wawili kwa siku, kila mmoja saa nne. Siku yangu hutangulia mwenzangu wa karibu na banio, kisha mimi wa mwisho kabisa, mita 1,200 chini yake. Yeye humaliza shamba lote, mimi hubakiza robo. Je, naibiwa?

Jibu: Inawezekana, ndugu yangu, lakini kabla ya kumshuku mtu pima kwanza safari ya maji. Mwenzako anapofunga lango lake saa 4 asubuhi, mfereji ulio chini yake ni mkavu. Maji hulazimika kuulowesha udongo na kujaza kila bonde kabla ya kukufikia, na muda huo wote unahesabiwa kuwa ni wako.

Msimamishe mtu penye lango lake na wewe usimame kwenye shamba lako, kila mmoja na saa yake, mwandike dakika maji yalipoachiwa na dakika yalipofika. Tuseme ni dakika 80. Kisha pimeni upande wa pili, ambao wengi huusahau: banio likifungwa saa 8, maji yaliyomo mferejini huendelea kukujia huku yakipungua, na hayo ni faida yako. Tuseme yana thamani ya dakika 30 za maji kamili. Kwa hiyo umepata dakika 160 jumlisha 30, yaani 190, wakati mwenzako amepata 240.

Sasa pimeni kiasi. Chagueni kipande kilichonyooka cha mita 20, mdondoshe chungwa katikati ya maji na kuhesabu sekunde. Chungwa linafaa kwa sababu huzama karibu lote, hivyo upepo haulisukumi. Kama kule juu limetumia sekunde 48, mwendo wake ni mita 0.42 kwa sekunde. Zidisheni kwa 0.7, kwa kuwa maji ya chini na ya kandoni huenda polepole kuliko ya juu, mpate 0.29. Mfereji wenye upana wa sentimita 50 na kina cha sentimita 14 utakuwa unapitisha lita 20 hivi kwa sekunde. Kwako, kina kikiwa sentimita 12 na chungwa likitumia sekunde 60, ni lita 14. Kwa mfano huu mwenzako anapata lita 288,000 na wewe unapata takribani 160,000, bila mtu yeyote kuiba.

Wizi una dalili yake. Maji yanayonywewa na udongo hupungua kwa utaratibu uleule kila zamu, na kina chake kwako hutulia. Chomeka kijiti chenye alama mbele ya lango lako: kina kikishuka ghafla katikati ya zamu na baadaye kupanda tena, kuna aliyetoboa tuta njiani.

Ratiba irekebishwe hivi. Siku ina dakika 480. Toeni 80 za safari, ambazo ziwe gharama ya wote wawili, rudisheni 30 za maji ya mwisho, zibaki 430. Kila mmoja apate 215. Mwenzako atamwagilia tangu saa 12:00 hadi saa 3:35, nawe utapokea maji kuanzia saa 4:55. Hizo dakika 185 hadi banio lifungwe, pamoja na zile 30, ndizo 215 zako. Utapata kama lita 180,000, naye 258,000.

Tofauti iliyobaki ni ya maji yanayopotea ardhini. Mnaweza kuifidia kwa saa pia, yeye apate dakika 177 nawe 253, lakini mimi nisingeanza na hilo, kwa sababu mtakuwa mnamnyima mwenzenu maji ili kuyamimina kwenye mfereji unaovuja. Anzeni kwa kufyeka magugu, kuziba mashimo ya panya na kushindilia udongo wa mfinyanzi mahali panapovuja zaidi, kisha mpime upya. Dakika 80 zikishuka hadi 60, gaweni tena, maana hizo 20 ni za wote wawili.

Vipimo virudiwe kiangazi na baada ya mvua, kwa sababu udongo uliopasuka hunywa maji mengi zaidi. Na mabadiliko haya yaandikwe kwenye muhtasari wa mkutano wa chama chenu cha wamwagiliaji, mgawa maji akabidhiwe nakala yenye saa kamili, ili asibaki akitumia ratiba ya zamani kwa mazoea.