Mahindi yamepungua ghalani, nimeitwa mwizi

*Shangazi, shikamoo. Natunza ghala la mahindi hapa Makambako. Juni tulipokea magunia 100 ya kilo 100, karani wa mapokezi akaandika unyevu asilimia 13. Juzi bosi kapima upya: magunia yote yapo ila zimepungua kilo 290. Akaniita mwizi mbele ya wapakiaji na madereva, na anataka kunikata mshahara. Sijachukua hata punje. Najua karani huwa hapimi, anajaza tu. Nifanyeje?*

Marahaba mwanangu. Usianze na karani, anza na mzani.

Mahindi mabichi yakikaa ghalani kiangazi hupoteza maji, na maji yana uzito. Chukua kilo zako 10,000. Kama yaliingia na unyevu wa asilimia 16, mahindi makavu yenyewe humo ni kilo 8,400 na yaliyobaki ni maji. Yakishuka hadi asilimia 13.5, ambacho ndicho kiwango cha juu kinachokubalika sokoni Afrika Mashariki, gawanya 8,400 kwa 0.865. Unapata kilo 9,711. Zimeondoka kilo 289 bila mtu kugusa gunia.

Hesabu hiyo bado si ushahidi, ni dhana tu mpaka uipime. Muombe bosi, kwa adabu na mkiwa wawili, mpime magunia kumi: matano ya pembeni na matano ya katikati ya lundo, kila moja na uzito wake na unyevu wake. Aliyechota debe huchota kwenye gunia analolifikia, kwa hiyo utakuta moja lina kilo 99 na jirani yake 84, au mshono umerudiwa kwa uzi mwingine. Kukauka hakuchagui hivyo. Magunia yote huwa mepesi, ya pembeni yakipungua zaidi kwa sababu yanapigwa na upepo, ya katikati yakibaki mazito kidogo na pengine yakinuka uvundo. Ukikuta 96, 97, 96, 98, una la kusema. Na kama unyevu wa sasa bado ni 15, hesabu yangu hapo juu haikuokoi. Usiilazimishe.

Halafu fungua daftari la mapokezi. Mahindi ya Juni kutoka kwa wakulima tofauti hayawezi kuwa 13, 13, 13 ukurasa mzima. Kipima unyevu kinachotumika kweli huleta 15.8, 16.4, 14.9. Tafuta pia mzigo uliopokelewa na mtu mwingine wiki hiyohiyo ukakaa ghala hilohilo. Kama huo haukupungua na wa karani umepungua, hakuna atakayehitaji kuambiwa kosa lilianzia wapi. Ila jiangalie na wewe: kama sahihi yako ipo chini ya safu ya unyevu, bosi atakuuliza ulisaini nini. Jibu ukweli, kwamba ulihakiki idadi na uzito.

Ukienda kwa bosi, peleka karatasi moja yenye vipimo vya magunia kumi na nakala ya ukurasa wa daftari. Sema, "Bosi, mzigo huu nadhani uliingia mbichi, kipimo cha mapokezi hakilingani na cha leo." Usiseme "karani mzembe." Ukimtaja mtu, mazungumzo yatageuka kuwa ugomvi wenu wawili na kilo zitasahaulika. Bosi akiridhika, usiishie kwenye "haya, yaishe" ya ofisini. Ulitukanwa mbele ya wapakiaji, basi muombe awaambie wapakiaji. Sentensi moja asubuhi kabla ya kazi inatosha: mahindi yalikauka, hayakuibwa. Wengi wanaona aibu kuomba hili, na ndiyo maana jina la mwizi huwaganda miaka.

Kuhusu mshahara, usisaini karatasi yoyote ya kukiri deni. Ukilazimishwa kupokea barua, andika "nimepokea, sikubaliani" kisha tarehe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 28, haimruhusu mwajiri kukata fidia ya hasara mpaka hasara iwe imetokea kazini kwa kosa lako, akuandikie sababu, kiasi na namna alivyokokotoa, na akupe nafasi ya kupinga. Hata hapo makato hayazidi robo ya mshahara. Akikata kienyeji, una siku 60 za kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Akikufukuza, ni siku 30 tu, kwa hiyo usikae ukisubiri hasira zake zipoe.

Na lori lijalo, kabla hujasaini, ingiza kipimo mwenyewe kwenye magunia matano, andika namba pembeni ya sahihi yako, na ukipige picha kioo cha kipimo.