Floti imeisha, droo imejaa: mtaji wa wakala ugawanywe vipi?

Swali: Nina kibanda cha uwakala wa pesa za simu karibu na soko, mtaji wangu ni shilingi milioni 2. Asubuhi naanza na floti ya milioni 1, yaani salio la laini ya uwakala, na milioni 1 keshi. Ikifika saa 9 alasiri floti imekwisha, droo imejaa noti, na wateja wa kuweka nawarudisha. Pesa ninayo, kwa nini siwezi kuwahudumia? Na nikiingiza mtaji wote kwenye laini, tatizo litaisha?

Jibu: Ndugu yangu, anayekuja kuweka pesa ni kama ananunua floti yako. Noti anazokupa zinabaki kwenye droo. Salio linaloingia kwenye simu yake linatoka kwenye laini yako ya uwakala. Floti hiyo uliinunua kabla, na shilingi zake zimekaa benki kwenye akaunti ya udhamini. Kwa hiyo hakuna salio linalozaliwa kibandani kwako. Floti ikiwa pungufu ya kiasi cha mteja, muamala haupiti, hata kama una gunia la noti. Anayetoa pesa anafanya kinyume chake: anakuachia floti na kuondoka na keshi.

Tuipige hesabu kwa mtaji wako. Mteja wa kwanza anaweka 300,000: floti inabaki 700,000, droo inafika 1,300,000. Mwenye duka la jumla anaweka 450,000: floti 250,000, droo 1,750,000. Wa tatu anataka kuweka 400,000, nawe umekwama. Jumla yako bado ni milioni 2 kamili. Sasa chukulia kwamba kabla ya huyo wa tatu alipita mtu akatoa 200,000. Floti ingepanda hadi 450,000 na huyo wa tatu angehudumiwa. Utaona kwamba wingi wa miamala si tatizo. Unaweza kuhudumia milioni 5 kwa siku kwa mtaji huohuo ikiwa wanaoweka na wanaotoa wanapishana. Kinachokumaliza ni wateja kuja mfululizo upande mmoja.

Ndiyo maana kuingiza mtaji wote kwenye laini hakufai. Mtu wa kwanza asubuhi akitaka kutoa 50,000, huna noti ya kumpa, na kamisheni yake inakwenda kwa jirani.

Mgawo sahihi utaupata kwenye daftari. Kwa wiki mbili andika kila saa floti iliyobaki na keshi iliyopo, kisha tafuta kiwango cha chini kabisa kila upande ulipofika. Tuseme keshi yako, iliyoanza milioni 1, haijawahi kushuka chini ya 700,000. Maana yake watoaji hawajawahi kukupunguzia zaidi ya 300,000, kwa hiyo ukianza na 400,000 bado una akiba kidogo, na 1,600,000 inakwenda kwenye laini. Andika pia kila mteja uliyemrudisha na kiasi alichotaka. Mawakala wengi husahau hili: floti ikishafika sifuri, salio halikuonyeshi ulihitaji ngapi zaidi. Na siku za mishahara zitenge, kwani watoaji huongezeka na mgawo wa siku za kawaida hugeuka.

Hata mgawo mzuri utahitaji kusawazishwa mchana. Usisubiri sifuri. Kama safari ya kwenda benki au kwa wakala mkuu inakula saa nzima, na kwa saa hiyo huwa unapata wawekaji wawili wa 300,000, ondoka floti ikiwa bado 600,000. Jirani mwenye floti nyingi na keshi kidogo anaweza kukuokoa safari, ila kila mmoja ahesabu na kuhakiki papo hapo, bila ahadi ya kumaliziana jioni. Na ukiwa na mitandao kadhaa, kumbuka floti ya M-Pesa haimhudumii mteja wa Airtel Money. Milioni 2 ukiigawa kwa laini nne pamoja na droo, kila upande utakuwa mwembamba. Mimi ningebaki na laini mbili zenye wateja wengi hadi mtaji ukue.

Jioni jumlisha floti ya laini zote, keshi ya droo, na pesa yoyote uliyopeleka benki ambayo bado haijasoma kwenye laini. Kamisheni ihesabu kando. Jumla ikiwa milioni 2, floti kuwa ndogo si hasara. Ikiwa pungufu, fungua orodha ya miamala usiku huohuo uilinganishe na daftari: utakuta umetuma kwa namba isiyo ya mteja, umezidisha noti, umepokea noti bandia, au umechota pesa ya matumizi ya nyumbani bila kuiandika.